Ijumaa Ghali, Jumamosi Nafuu: Siku ya Safari na Nauli ya Ndege

Anayetaka kuelewa kwa nini nauli ya ndege hubadilika kwa siku aitazame njia ya Dar es Salaam na Dodoma. Tangu Serikali ihamie Dodoma, njia hii imekuwa ya watu wa kazi. Jumatatu alfajiri wanapanda watumishi wa wizara, mawakili, wakandarasi wanaofuatilia malipo yao na watu wenye vikao. Ijumaa jioni haohao wanarudi kwa familia zao Dar. Jumamosi mchana ndege ni ileile, mafuta ni yaleyale na safari ina urefu uleule, lakini nauli inaweza kuwa chini kwa kiasi cha kutosha kumlipia mtu chumba na chakula.

Wengi huamini kwamba ikifika Ijumaa shirika la ndege hupandisha bei tu, kama anavyofanya mwenye bodaboda mvua ikinyesha. Sivyo mambo yalivyo. Kwa kawaida nauli zote, za juu na za chini, zipo wiki nzima. Kinachobadilika ni idadi ya viti vinavyotengwa kwa kila nauli. Daraja la kawaida ndani ya ndege, ambalo abiria huliona kama kitu kimoja, kwenye kompyuta ya shirika limegawanywa katika mafungu, na kila fungu lina herufi yake na bei yake. Fungu la chini likiisha, mteja anayefuata huuziwa la juu yake.

Tupige hesabu ya mfano. Ndege aina ya Dash 8-400 za Air Tanzania zina viti 76, na tuseme 70 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida. Tuseme pia kuna mafungu manne: shilingi 180,000, 260,000, 340,000 na 420,000. Kwa ndege ya Jumatano mchana, mpangaji wa mapato anaweza kutenga viti 30 kwenye fungu la chini kabisa, kisha 20, 12 na 8. Kwa ile ya Ijumaa jioni anatenga vitano tu kwenye fungu la chini, kisha 10, 25 na 30. Wewe unakuja kununua wiki tatu kabla, na kila ndege imeshauza viti 20. Ukichagua Jumatano unalipa 180,000, kwa sababu fungu la kwanza bado lina viti kumi. Ukichagua Ijumaa unalipa 340,000, kwa sababu mafungu mawili ya chini yameisha zamani. Hakuna aliyepandisha chochote, na bado umelipa 160,000 zaidi.

Mgawanyo huo hufanywa miezi kadhaa kabla ya safari, kwa kuangalia jinsi ndege ya siku hiyo na saa hiyo ilivyojaa huko nyuma. Mpangaji anajua kuwa Ijumaa watakuja watu watakaoambiwa Jumatano kwamba kikao kinaisha kesho, na kwamba hao watalipa bei yoyote ili walale nyumbani. Akiviuza viti vyote mapema kwa bei ya chini, hatabaki na cha kuwauzia. Jumamosi mchana hana wateja wa namna hiyo. Hofu yake ni nyingine, kwamba ndege itapaa na viti vitupu, na kiti kitupu hakiwekwi akiba. Ndiyo maana analiacha fungu la chini wazi hata siku chache kabla ya safari.

Hili linaonekana waziwazi ukikaa upande wa wakala wa tiketi na kutazama kioo chake. Kwa ndege ya Ijumaa jioni anaweza kuona mstari kama huu:

```
Y9 B6 M2 H0 K0 Q0
```

Na kwa ndege ya Jumamosi:

```
Y9 B9 M9 H9 K8 Q5
```

Herufi ni fungu, tarakimu ni viti vilivyobaki, na 9 maana yake ni tisa au zaidi. Mpangilio wa herufi hutofautiana kati ya shirika na shirika, ila mara nyingi Y ndiyo ya juu katika daraja la kawaida. Kwa hiyo mteja akisema, "Dada, niangalizie Ijumaa jioni, ile ya bei ya chini," na wakala akajibu, "Kaka, hiyo imeisha, labda Jumamosi," hasemi kwamba ndege imejaa. Anasema K na Q zimesoma sifuri. Swali la kumwuliza hapo ni hili: fungu la chini limebaki ndege gani, siku moja mbele au siku moja nyuma? Jibu analo mbele yake.

Mchezo huu wa kumtenganisha msafiri wa kazi na msafiri wa matembezi una historia. Mwaka 1977 shirika la American Airlines lilianza kuuza nauli zilizoitwa Super Saver, nafuu sana, lakini kwa masharti ya kununua mapema na kukaa muda uendako. Mwaka uliofuata Marekani ikaondoa udhibiti wa nauli za ndege, na masharti ya namna hii yakaenea. Lililojulikana zaidi ni la kulala usiku wa Jumamosi kabla ya kurudi. Mtu wa kazi hataki kukaa ugenini wikiendi, kwa hiyo hulikosa punguzo. Anayekwenda kutembea hulala bila shida na hulipata. Sharti hilo halijafa, hasa kwenye tiketi za kwenda na kurudi za kimataifa. Ukiona safari ya Jumatatu hadi Ijumaa ni ghali ajabu, jaribu kurudi Jumapili kabla hujakata tamaa.

Usijitungie kanuni kwamba wikiendi ni ghali na siku za kazi ni rahisi. Uliza njia hiyo ni ya nani, na watu hao wanaelekea wapi siku hiyo. Kati ya Nairobi na Mombasa, Ijumaa jioni umati unateremka pwani na Jumapili jioni unapanda kurudi. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi Ijumaa hiyohiyo anakwenda kinyume cha umati, na mara nyingi hupata fungu la chini. Kwa Dodoma ni vilevile: kinacholengwa na bei ya juu Ijumaa ni kutoka Dodoma, si kwenda.

Ghuba nako wiki ina umbo lake. Oman na Saudi Arabia mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo jioni yenye msongamano ni ya Alhamisi, na kurudi ni Jumamosi usiku. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na Ijumaa ikawa nusu siku ya kazi. Ndugu aliyeko Maskati anayetaka kuja Unguja atazame kalenda ya Maskati kwanza, si ya Unguja.

Kwa wenzetu walioko Marekani na Kanada kuna jambo la ziada. Nauli nyingi za kuvuka Atlantiki zimeandikwa moja kwa moja kwa siku. Katikati ya wiki huwa ni Jumatatu hadi Alhamisi, na mwisho wa wiki ni Ijumaa hadi Jumapili. Kwenye msimbo wa nauli, ule mfululizo wa herufi unaotokea kwenye maelezo ya tiketi, X mara nyingi husimamia katikati ya wiki na W mwisho wa wiki. Hapa bei inatofautiana hata ndege ikiwa tupu, kwa sababu ni sharti lililoandikwa. Tiketi ya kwenda na kurudi huhesabiwa nusu kwa nusu, kwa hiyo ukienda Jumanne na kurudi Jumamosi umepata nafuu upande mmoja tu. Hilo pia lina faida yake: usipoweza kusogeza tarehe zote mbili, sogeza moja.

Ndege nyingi za masafa marefu kutoka Afrika Mashariki huondoka usiku wa manane, na hapo watu wengi hupotea. Ndege inayopaa saa sita na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa inahesabiwa kuwa ya Ijumaa, ingawa wewe ulitoka nyumbani Alhamisi baada ya isha. Ile inayopaa saa tano na nusu usiku, saa moja tu kabla, ni ya Alhamisi. Soma tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi, usitegemee usiku unavyouita mwenyewe.

Ukikaa kuchagua, fungua kalenda ya bei ya shirika lenyewe au ya Google Flights na utafute kwanza safari ya kwenda peke yake, kisha ya kurudi peke yake. Utajua mara moja ni upande upi unaobeba gharama. Kisha sogeza siku moja moja kwa upande huo tu. Ukipata tofauti, iweke kwenye mizani na gharama ya kuipata. Kama katika mfano wetu wa Dodoma unaokoa 160,000 kwa kurudi Jumamosi badala ya Ijumaa, lakini unalipa 90,000 ya hoteli na 30,000 ya chakula na teksi, faida ni 40,000 na usiku mmoja mbali na watoto. Kwa familia ya watu wanne wenye pa kulala kwa shangazi, hesabu hiyohiyo inatoa zaidi ya laki sita.

Siku ya kununua na siku ya kusafiri ni mambo mawili. Ule ushauri kwamba tiketi zinunuliwe Jumanne usiku hauna msingi wa kutegemea, kwani mafungu hufunguka na kufungwa saa yoyote. Na Idd, Krismasi, vikao vya Bunge na kufunguliwa kwa shule hufuta kanuni zote za siku, kwa sababu katika wiki hizo hata Jumatano ina umati wa Ijumaa.

Kwenye mabasi na treni usihangaike na haya. Nauli za mabasi ya mikoani Tanzania zina ukomo uliowekwa na LATRA, na treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza 2024, haitozi Ijumaa zaidi ya Jumanne kwa daraja lilelile. Huko siku yenye watu wengi haiongezi bei, inamaliza viti, na dawa yake ni kuwahi.

Mwisho, angalieni sana tiketi zinazotangazwa kuwa zinabadilishwa bila ada. Ukinunua ya Jumatano kwa 180,000 kisha ukaihamishia Ijumaa, ada ya kubadili inaweza kuwa sifuri kweli, lakini utadaiwa tofauti ya nauli, na siku hiyo fungu lililobaki pengine ni la 420,000. Ichague siku ambayo una hakika utasafiri, ndipo ulipe.