Lishe ya Mtoto Mwenye Selimundu: Hesabu ya Nishati, Foleti na Zinki

Katika shule nyingi za msingi huwapo mtoto ambaye, wenzake wanapokimbilia mpira, yeye huketi pembeni na kutazama. Ni mfupi kuliko wenzake wa rika moja, macho yake yana umanjano, na mara kwa mara hukosa masomo kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Watu humwona kuwa mtoto mpole. Yamkini upole huo hautokani na tabia yake, bali ni matokeo ya hesabu ambayo mwili wake unalazimika kuifanya kila siku.

Mtoto wa namna hii aweza kupatikana hata Ilomba, katika Jiji la Mbeya, ingawa mji huo uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi uliostawi katika nchi za joto zenye malaria, kwa kuwa mtu aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini jeni husafiri pamoja na watu. Familia inayohama kutoka bondeni Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hadi Mbeya huyaacha mazingira ya mbu, bali haiwezi kuiacha jeni iliyomo mwilini. Tena baridi ya Nyanda za Juu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuchochea maumivu ya ugonjwa huu.

Gharama ya kutengeneza damu

Chembechembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya huishi siku zipatazo 120. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Himoglobini yake isiyo ya kawaida hugandamana inapopoteza oksijeni, chembe ikapinda mfano wa mundu, ikakakamaa na hatimaye ikavunjika. Ili damu isiishe, uboho wa mifupa hulazimika kutengeneza chembe mpya kwa kasi iliyo mara kadhaa ya kawaida. Moyo nao hupiga kwa nguvu zaidi ili damu hiyo haba itosheleze mahitaji ya oksijeni.

Kazi hizo zote hutumia nishati, hata mtoto akiwa amelala. Kiasi cha nishati anachotumia mtu akiwa ametulia kabisa hupimwa hospitalini au katika maabara kwa chombo kinachopima oksijeni anayoivuta na kabonidayoksaidi anayoitoa. Pale ambapo chombo hicho hakipo, hukadiriwa kwa kanuni. Kwa mvulana mwenye umri wa miaka 3 hadi 10, kanuni iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1985 ni kuzidisha uzito wake kwa 22.7, kisha kujumlisha 495. Jibu lake ni kilokalori kwa siku.

Chukuliwe mfano wa mvulana wa miaka 8 anayeishi Ilomba, mwenye uzito wa kilo 20. Kwa kanuni hiyo, 22.7 mara 20 ni 454. Ukijumlisha 495 hupatikana kilokalori 949. Mtoto wa afya wa uzito huo, anayecheza kama kawaida, hutumia takriban mara 1.6 ya kiasi hicho, yaani kilokalori 1,518 kwa siku nzima. Kwa hiyo, baada ya kulipa gharama ya kuishi tu, hubakiwa na kilokalori 569 za kutembea, kucheza, kusaga chakula na kukua.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ilitungwa kutokana na vipimo vya watu wa afya. Vipimo vilivyofanywa kwa watoto wenye selimundu vimeonyesha kuwa matumizi yao wakiwa wametulia huzidi ya wenzao, mara nyingi kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Tukichukua asilimia 15, nyongeza ya mvulana huyu ni kilokalori 142, na gharama yake ya kuishi hupanda hadi 1,091. Ikiwa anakula sahani ileile anayokula ndugu yake mwenye uzito sawa, hubakiwa na kilokalori 427 badala ya 569. Robo nzima ya nguvu za kucheza na kukua imekwisha kutumika kabla hajainuka kitandani.

Hapa ndipo upole wake unapoelezeka. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watoto wa aina hiyo, wakaonyesha kuwa ingawa matumizi yao wakiwa wametulia yalikuwa makubwa, jumla ya matumizi yao ya siku nzima haikutofautiana sana na ya wenzao. Sababu ni kwamba walijishughulisha kidogo. Mwili ulifidia upungufu kwa kupunguza mwendo. Kwa hiyo, anayepima chakula cha mtoto huyu na kuona kwamba kinalingana na matumizi yake asihitimishe kuwa kinatosha: huenda hesabu imesawazishwa kwa kuuondoa mchezo, na baada ya mchezo kimo hufuata.

Nishati ndani ya sahani ndogo

Pengo la kilokalori 142 si kubwa, lakini namna ya kuliziba ni jambo la kufikiriwa. Ugali una maji mengi. Ili kuzipata kilokalori hizo, mtoto angehitaji zaidi ya gramu 100 za ugali juu ya aliokwisha kushiba. Tumbo lake ni dogo, na siku za maumivu au homa hamu ya kula hupotea, nayo mahitaji huzidi. Gramu 25 za karanga, yaani konzi moja ndogo, hutoa kilokalori zipatazo 142. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti katika mboga hutoa zipatazo 120, na gramu 100 za parachichi, tunda ambalo hulimwa kwa wingi Rungwe, hutoa zipatazo 160. Mtoto ambaye tayari amedumaa huhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa lazima alipe pia deni la nyuma.

Jambo hili limejaribiwa hapa nchini. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2018, watoto 119 wa miaka 8 hadi 12 wenye selimundu walipewa chakula cha ziada kilicho tayari kuliwa, chenye nishati na vitamini. Hali yao ya ukuaji ikawa bora katika vipindi vya kula chakula hicho. Amino asidi maalumu zilizoongezwa kwa matumaini ya kuimarisha mishipa ya damu hazikuleta faida iliyotarajiwa.

Foleti: kidogo, lakini kila siku

Kila chembe mpya ya damu hutokana na mgawanyiko wa chembe nyingine, na hapana mgawanyiko bila kunakiliwa kwa DNA. Foleti ni vitamini inayohitajika katika kazi hiyo. Uboho unaofanya kazi kwa kasi huimaliza upesi. Mtoto wa afya wa miaka 8 huhitaji mikrogramu 200 kwa siku. Maharage, majani ya kijani na parachichi ni vyanzo vyema, ila foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Mchicha uliochemshwa kwa muda mrefu, kisha maji yake yakamwagwa, umepoteza sehemu kubwa ya foleti yake.

Kwa sababu hiyo kliniki huwapa watoto hawa vidonge vya foliki asidi, mara nyingi vya miligramu 5. Kiasi hicho ni mara 25 ya mahitaji ya kawaida. Lakini wingi wa dawa si kipimo cha faida yake. Katika jaribio lililofanywa Jamaika na kuchapishwa mwaka 1983, watoto wadogo waliopewa miligramu 5 kila siku kwa mwaka mmoja hawakuwazidi wenzao kwa himoglobini wala kwa ukuaji. Maana yake ni kwamba foleti huzuia upungufu wa foleti. Haiponyi selimundu, wala haiongezi damu pale ambapo foleti inatosha.

Upungufu wenyewe hutambulika hivi: himoglobini hushuka chini ya kiwango ambacho mtoto huyo amekizoea, chembe nyekundu huwa kubwa kuliko kawaida, na chembe changa hupungua, ilhali zilipaswa kuwa nyingi. Daktari hana budi kutofautisha hali hiyo na maambukizo ya virusi yanayoweza kuusimamisha uboho kwa siku kadhaa. Aidha, mzazi asidhani kuwa kila upungufu wa damu hutibiwa kwa madini ya chuma. Chembe zinapovunjika, chuma chake hubaki mwilini na kutumika tena. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huweza hata kuwa nacho kwa wingi wenye madhara. Chuma hutolewa baada ya kipimo kuonyesha kuwa kimepungua.

Zinki inayopotea katika mkojo

Kisa cha zinki ni kinyume cha hicho cha chuma. Chembe nyekundu huwa na zinki. Zinapovunjika, zinki huachiliwa, na figo zilizodhuriwa na ugonjwa huu hushindwa kuirudisha yote, ikapotea katika mkojo. Madini haya yanahitajika kwa ukuaji, kwa kubalehe na kwa kinga ya mwili.

Chakula cha nafaka huongeza tatizo. Mahindi na maharage yana fitati, ambayo hushikamana na zinki na kuizuia isifyonzwe. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo hukadiria kuwa mtoto wa miaka 7 hadi 9 huhitaji miligramu 3.3 tu iwapo zinki ya chakula chake hufyonzwa vizuri, bali 11.2 iwapo hufyonzwa kwa shida. Kuloweka maharage na kumwaga maji ya kulowekea, kuotesha nafaka ili kupata kimea, na kuuchachusha uji hupunguza fitati. Dagaa na nyama kidogo huongeza zinki iliyo rahisi kufyonzwa.

Huko Filadelfia, Marekani, watoto wa miaka 4 hadi 10 waliopewa miligramu 10 za zinki kila siku kwa mwaka mmoja walirefuka kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Lakini huko Jinja, Uganda, watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa zinki hawakupungukiwa na maambukizo makali kuliko wasiopewa. Kwa hiyo zinki ina sababu ya kutolewa kwa ajili ya ukuaji, bali haishiki nafasi ya chanjo wala ya dawa za kuzuia maambukizo.

Kipimo cha darasani

Kumpima mtoto mara moja hakutoshi. Mvulana wa mfano, akiwa na kimo cha sentimita 117, huonekana mwembamba kidogo tu, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na ufupi wake. Kasoro huonekana anapolinganishwa na kimo cha kati cha umri wake, sentimita 127, na zaidi anapopimwa tena na tena. Katika umri huo mtoto hurefuka sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Apimwe kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, kwa ubao uleule, na tarakimu ziandikwe. Akiwa amerefuka sentimita 3 tu kwa mwaka, hiyo ndiyo habari ya kupelekwa kliniki. Na siku atakapoinuka pembeni mwa uwanja na kuukimbilia mpira, hiyo nayo ni tarakimu ya kuandikwa.