Umra: Matendo Yake kwa Mpangilio na Tofauti Yake na Hija

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tunaulizwa mara kwa mara na familia zinazojiandaa na safari: Umra inatofautiana vipi na Hija, na ni wapi watu hukosea zaidi? Tutajibu kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu visiwani.

Hija imefungwa na mahali na wakati. Roho yake ni kusimama Arafa, kuanzia jua linapopinduka tarehe 9 Mfunguo Tatu mpaka kuchomoza alfajiri ya tarehe 10. Aliyekosa muda huo imempita Hija ya mwaka ule, hata akiwa yuko Makka. Umra haina Arafa, haina Muzdalifa, haina kulala Mina wala kurusha mawe. Mtu anaweza kuifanya mwezi wowote. Kwa hiyo, anayekwenda Umra hana siku ya kuogopa kuikosa. Anachotakiwa kuchunga ni mahali pa kuanzia na utaratibu wa kumalizia, na makosa mengi tunayoulizwa yanatokea katika ncha hizo mbili.

Nguzo za Umra ni tano: kuhirimia, yaani kutia nia ya kuingia katika ibada, kutufu, kusai baina ya Safa na Marwa, kunyoa au kupunguza nywele, na kufuata mpangilio huo. Kuhirimia ni nguzo, na kuhirimia kabla ya kupita mikati ni wajibu. Mikati ni mpaka uliowekwa na Mtume (S.A.W.) kila upande wa Makka. Anayeanzia Madina mikati yake ni Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya mji. Anayekuja kwa ndege akitokea upande wa mashariki, kwa mfano aliyeunganisha safari Dubai au Maskati, kwa kawaida hupita usawa wa Qarnul-Manazil. Anayekuja kutoka upande wa kusini hutazama usawa wa Yalamlam. Yote haya hupitwa ndege ikiwa bado angani.

Tuchukue mfano wa mtu wa Pemba anayekwenda Jidda na mkewe. Shuka zake za ihramu amezitia katika sanduku lililokwenda tumboni mwa ndege, na yeye amekaa kitini na suruali na shati. Ndege inakaribia mikati, naye anajiambia, "Nitahirimia nikishuka Jidda." Hapa ndipo penye kosa. Ihramu ni nia, si shuka. Akivuka mikati bila nia naye amekusudia Umra, itampasa arejee mikati akahirimie huko kabla ya kuanza matendo. Asiporejea, Umra yake inasihi, lakini atalazimika kuchinja mbuzi na nyama wapewe mafakiri wa Haram. Asiyeweza hilo atafunga siku kumi.

Afanye nini basi? Atie nia hapo hapo kitini: "Nimenuia Umra na nimehirimia kwa ajili ya Allah Taala," kisha alete talbiya. Akiwa na kikoi kisichoshonwa katika mkoba wa mkononi, ajifunge hicho kiunoni na kanga ya mkewe aitupie mabegani, yatosha. Asiyepata cha kujifunga kabisa, Sharia imemruhusu abaki na suruali mpaka apate. Shati alivue na ajitande nalo bila ya kulivaa. Lililo jepesi zaidi ni kuoga na kuvaa shuka nyumbani, kisha nia akaiweka ndege inapokaribia mikati. Na kwa vile ndege hukata zaidi ya kilomita 10 kwa dakika, ni bora kutangulia kuliko kuchelewa. Nia iliyotangulia mikati inasihi.

Mke wake naye ameingia hedhini siku ya safari. Wengi hudhani kuwa asihirimie mpaka atwaharike. Sivyo. Hedhi haizuii nia. Mama yetu Aisha (R.A.) alipata hedhi njiani katika Hija ya mwaka wa 10 Hijria, na Mtume (S.A.W.) akamwambia afanye yote ayafanyayo mwenye kuhiji isipokuwa kutufu. Kwa hiyo mke ahirimie pamoja na mumewe, abaki katika ihramu yake hapo Makka, na akitwaharika aoge na aende kutufu. Kwa ajili hii, familia ipange siku za kutosha Makka kabla ya kukata tiketi ya kurudi.

Wakifika Msikitini, watatufu mizunguko saba wakiwa na udhu, Al-Kaaba ikiwa upande wa kushoto. Kila mzunguko unaanzia na kuishia usawa wa Jiwe Jeusi. Wapite nje ya ukuta wa Hijri Ismaili, kwa sababu ndani yake kuna sehemu ya Al-Kaaba, na aliyekatiza humo mzunguko wake hauhesabiwi. Mwenye shaka kama ni wa tano au wa sita aushike wa tano. Udhu ukitanguka, atatawadha na kuendelea alipoachia. Kisha watasali rakaa mbili nyuma ya Makamu Ibrahim, au popote msikitini pakiwa na msongamano.

Sai inaanzia Safa. Kwenda Marwa ni moja, kurudi Safa ni mbili, na ya saba inaishia Marwa. Anayejikuta amemalizia Safa ajue hesabu yake imekosewa. Udhu si sharti hapa, hivyo mwanamke aliyepata hedhi baada ya kutufu anaweza kusai.

Iliyobaki ni nywele, na hii ndiyo ncha ya pili. Baadhi ya watu wakimaliza sai hurudi hotelini, wakaoga kwa sabuni ya manukato na kuvaa kanzu, kisha ndipo wakatafuta kinyozi. Hao bado wamo ndani ya ihramu. Aliyefanya hivyo kwa kutojua au kusahau hana fidia ya nguo wala manukato. Avue mara moja na apunguze nywele. Aliyejua akakusudia ana fidia, naye achague: kuchinja mbuzi, kufunga siku tatu, au kulisha masikini sita. Zito kuliko yote ni tendo la ndoa kabla ya nywele, kwani huiharibu Umra. Mwanamme kunyoa ni bora; mwanamke hupunguza kidogo ncha za nywele zake. Kwa uchache ni nywele tatu.

Hapo ndipo Umra inapoachana tena na Hija. Mwenye Hija hutoka katika ihramu kwa hatua mbili, na tendo la ndoa haliwi halali mpaka hatua ya pili. Mwenye Umra hutoka mara moja. Nywele zikikatwa, yote yamekuwa halali.

Mwisho, Umra kwa Imamu Shafi ni faradhi mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, lakini haiondoi faradhi ya Hija, hata ikifanywa ndani ya Ramadhani, ambayo thawabu zake zimelinganishwa na za Hija. Aliyekwenda Umra mara kumi na hajahiji, bado ana deni.

Wallahu aalam.