Je, Wajua? Chuma Huliwa Palipoadimika Hewa
Tone la maji ya chumvi likitua juu ya bamba safi la chuma, aghalabu chuma hakiliwi ukingoni penye hewa tele, bali katikati. Kwani ukingoni oksijeni hupokea elektroni, pakawa kathodi, na katikati, ilikoadimika, chuma huziachilia zipite ndani ya bamba lenyewe, pakawa anodi. Potenshali sanifu ya chuma ni −0.44 volti, na ya oksijeni majini +0.40, tofauti yao, +0.84, ni chanya, nayo ni dalili kwamba tendo hili hujiendea lenyewe, ingawa haitubainishii kasi yake. Kutu yenyewe, na hili ni la ajabu, hujikusanya baina ya sehemu hizo mbili, duara la kahawia, ayoni zinapokutana.