Kutoka rangi ya chungwa hadi miligramu za chuma

Swali la mtihani wa maabara ya chakula huwa fupi. Umepewa unga wa mahindi ulioongezwa madini ya chuma, kama ambavyo kanuni za Tanzania za mwaka 2011 na za Kenya za mwaka 2012 zilivyowadai wasagishaji, nawe utafute una miligramu ngapi za chuma katika kila kilo. Kwenye kioo cha spektrofotomita inasomeka 0.330. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu namba hiyo haisemi lolote kuhusu unga. Inasema tu kwamba kimiminika kilichomo ndani ya kiveti kimezuia kiasi fulani cha mwanga.

Tuanze na kilichofanyika. Gramu 5 za unga zilichomwa kwenye tanuri la nyuzi 550 hadi likabaki jivu. Jivu likayeyushwa kwa asidi ya haidrokloriki, kisha likajazwa maji kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50. Chuma chote cha gramu 5 sasa kimo humo, lakini hakionekani. Mwanafunzi akachota mililita 10 kwa pipeti, akaziweka kwenye chupa ya mililita 25, akaongeza haidroksilamini ili chuma kigeuke kuwa cha aina moja, akatia bafa ya kupunguza ukali wa asidi, kisha fenantrolini, na mwisho maji hadi kwenye alama. Baada ya dakika chache rangi ya chungwa ikatokea. Rangi hiyo hufyonza vizuri mwanga wa nanomita 510, na kadiri chuma kinavyozidi ndivyo mwanga unavyozidi kufyonzwa.

Unazidi kwa kiasi gani? Mashine haijui, kwa hiyo tunaifundisha. Tunatengeneza myeyusho ya viwango yenye chuma tunachokijua: 0, 1, 2, 3 na 4 miligramu kwa lita, yote ikipitia dawa zilezile. Masomo yakawa 0.010, 0.210, 0.410, 0.610 na 0.810. Ukiyachora unapata mstari ulionyooka: kila miligramu moja inapandisha somo kwa 0.200, na mstari unaanzia 0.010, si sifuri. Ile 0.010 ni rangi ya dawa zenyewe. Chombo kitupu kilichochomwa bila unga na kupitishwa hatua zote nacho kilisoma 0.010, kwa hiyo asidi na vyombo havikuongeza chuma.

Basi toa 0.010 kwenye 0.330, inabaki 0.320. Gawanya kwa 0.200, unapata miligramu 1.6 kwa lita. Anayesahau kutoa huandika 1.65, kosa dogo hapa, ila kwa unga wenye chuma kidogo lingekuwa kubwa.

Kisha turudi nyuma, chupa moja baada ya nyingine. Ile 1.6 ni ya chupa ya mililita 25. Mililita 10 zilikuwa mililita 25, yaani ziliongezwa mara 2.5, kwa hiyo chupa ya jivu ilikuwa na 1.6 × 2.5, sawa na miligramu 4 kwa lita. Chupa hiyo ni lita 0.05, hivyo ndani yake mlikuwa na miligramu 0.2. Zilitoka kwenye gramu 5, yaani miligramu 0.04 kwa gramu, au 40 kwa kilo. Anayeruka hatua ya 2.5 hupata 16, na unga mzuri huonekana kana kwamba msagishaji ameiba virutubishi. Anayegawanya badala ya kuzidisha hupata 6.4. Njia ya kujikagua ni rahisi: kuzimua hupunguza, kwa hiyo kila ukirudi kwenye chupa ya nyuma namba ya miligramu kwa lita lazima ikue.

Soma pia maneno ya swali kwa makini. Kuchanganya sehemu moja ya myeyusho na sehemu tano za maji ni kuzimua mara sita. Kujaza sehemu moja hadi ziwe tano ni mara tano.

Sasa sampuli nyingine inasoma 1.250, juu kuliko kiwango chetu cha mwisho. Usiurefushe mstari kwa rula, wala usiongeze maji kwenye kiveti. Kila chembe ya chuma hushikwa na chembe tatu za fenantrolini. Dawa ikiisha, chuma kilichobaki hakina rangi, na maji hayawezi kukirudisha. Rudi kwenye chupa ya jivu, chota mililita 2 badala ya 10, utie dawa upya. Tuseme sasa inasoma 0.290: hiyo ni miligramu 1.4 kwa lita, mara 12.5 ni 17.5, na unga unatoka na miligramu 175 kwa kilo. Somo la kwanza la 1.250 lingekupa 155. Tofauti hiyo ya 20 ndiyo ushahidi kwamba dawa haikutosha, na mtahini akiiona imeelezwa hivyo anajua aliyejibu alielewa kilichotokea chupani.