Kadi ya Gigabaiti 64 Iliyobaki na Megabaiti 500

Jirani yangu hupiga picha za harusi. Ijumaa moja jioni alinigongea mlango, memori kadi mkononi, na harusi yenyewe ni kesho yake. "Kaka, kadi imekufa hii," akaniambia. Juu yake imeandikwa 64 GB, lakini kamera ilikuwa inamwambia imebaki nafasi ya picha 19 tu. Alikuwa ameshaifomati mara mbili, kwenye kamera na kwenye kompyuta, na kila mara ilirudi vilevile.

Nikamuuliza nani mwingine aliishika. Akakumbuka kwamba kijana wake aliiazima wiki iliyopita kwa ajili ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kitambulisho ambayo wanafunzi hujifunzia programu. Hapo nikajua kadi ni nzima.

Raspberry Pi kwa kawaida huwaka kutoka kwenye memori kadi. Mfumo wake hupakuliwa mtandaoni kama faili moja kubwa, na faili hilo haliwekwi kwenye kadi kama unavyoweka wimbo au picha. Programu ya kuliandika huanza kwenye baiti ya kwanza kabisa ya kadi na kumwaga kila kitu jinsi kilivyo, ikifuta ramani iliyokuwapo na kuweka yake. Ramani hiyo ndiyo kiini cha mkasa huu. Inakaa kwenye baiti 512 za mwanzo, na ina nafasi ya mistari minne tu. Kila mstari unasema: chumba hiki kinaanzia hapa, ukubwa wake ni huu, aina yake ni hii. Mafundi huviita vyumba hivyo partisheni.

Kadi iliyotoka kiwandani huwa na chumba kimoja kinachochukua karibu eneo lote. Mfumo wa Raspberry Pi huleta viwili. Cha kwanza ni kidogo, megabaiti 512 katika matoleo ya miaka hii, nacho kimepangwa kwa FAT32, mpangilio ambao karibu kila kifaa huuelewa. Humo hukaa mafaili ya kuwashia. Cha pili kimepangwa kwa ext4, mpangilio wa Linux, na mara ya kwanza mashine inapowaka hujitanua mpaka mwisho wa kadi. Gigabaiti zote za jirani yangu zilikuwa humo.

Windows haisomi ext4 yenyewe. Inaona chumba kidogo kwa jina la bootfs, na kile kikubwa ama haikionyeshi, ama inakipa herufi kisha inakusihi ukifomati. Kamera ya jirani ilikuwa inatazama chumba cha kwanza peke yake. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea saa nzima: ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kadi na kuchagua Format, unafagia chumba ulichosimama ndani yake. Kuta hazisogei hata kidogo. Fomati mara 100, utapata megabaiti 500 safi mara 100.

Kinachotakiwa ni kubomoa kuta, yaani kufuta ramani na kuandika nyingine. Ila kwanza nilimuuliza kama kuna picha za wateja ambazo hajazihamisha. Zilizokuwa mwanzoni mwa kadi zilikwisha kufutwa pale mfumo ulipoandikwa juu yake, lakini zilizokaa mbele zaidi huenda zingeokolewa kwa programu kama PhotoRec, mradi hakuna kingine kilichoandikwa. Akasema zote ziko kwenye kompyuta ya studio. Tukaendelea.

Windows ina chombo kiitwacho diskpart. Unakitafuta kwa jina hilo kwenye menyu ya Start na kukifungua kama msimamizi, yaani Run as administrator. Kabla hatujachomeka kadi nikaandika:

```
list disk
```

Ilitoka diski moja, Disk 0, ambayo ni ya kompyuta yenyewe. Nikachomeka kadi, nikarudia amri, ikaongezeka Disk 1 yenye 59 GB. Tafadhali usiiruke hatua hii ya kutazama mara mbili. Diskpart haikuulizi kama una hakika, na namba moja ikikosewa, kinachofutwa ni ramani ya diski yenye kazi zako zote. Gigabaiti 5 zilizopungua hazikuibwa na mtu: kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo 64 ya kiwanda inasomeka 59 na ushei.

Halafu tukaandika hizi, moja baada ya nyingine:

```
select disk 1
clean
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
```

Kwako namba inaweza kuwa 2 au 3, utafuata ile iliyoongezeka. Amri ya clean ndiyo inayofuta ramani, na ikifanikiwa itakujibu "DiskPart succeeded in cleaning the disk." Zinazofuata zinajenga chumba kimoja kipya, zinakipanga na kukipa herufi. Nilichagua exFAT kwa sababu kadi zinazozidi gigabaiti 32 zimekusudiwa mpangilio huo. Kwa kadi ya 32 au pungufu, andika fat32 mahali pake. Yote yalichukua chini ya dakika moja.

Asiye na kompyuta ya Windows ana njia nyingine. Simu nyingi za Android zikiambiwa zifomati kadi huijenga upya nzima, na mara nyingi hilo linatosha. Kwenye Mac, fungua Disk Utility, chagua Show All Devices, kisha futa kadi kwenye mstari wa juu kabisa, maana ukifuta mstari wa chini yake umerudi kwenye kufagia chumba.

Zipo kadi zitakazokukatalia. Ukijibiwa "The media is write protected", tazama kwanza ubavuni mwa kadi, au mwa adapta yake kama kadi ni ile ndogo. Kuna kitelezi kidogo cha kufungia, na huteleza chenyewe kinapoingizwa. Kisukume upande wa pini, ujaribu tena. Inayonihuzunisha zaidi ni kadi inayokubali kila amri, inaonyesha 59 GB, kisha ukiichomoa na kuichomeka tena, bootfs imerudi na mafaili yake yaleyale. Hiyo imechoka. Kadi nyingi zikifikia mwisho wa uhai wake hujifunga zisiandikwe tena, nyingine bila kusema lolote, na hakuna programu itakayozifungua. Kwa hiyo jaribio la kweli ni kuichomoa na kuirudisha.

Ya jirani yangu tuliichomoa, tukairudisha, ikabaki na 59 GB. Tukaihamishia kwenye kamera na kuifomati humo kwa mara ya mwisho, ili kamera ijipangie folda zake. Kwenye kioo, pale palipokuwa na 19, pakatokea namba inayozidi 2,000. Kijana alikuwa mlangoni akituangalia muda wote huo. Baba yake akaitia kadi mfukoni, akamuuliza ile kompyuta yake inahitaji kadi ya gigabaiti ngapi. "Kumi na sita zinatosha, baba."