Kichwa Kimoja, Swali Moja

Mkulima mwenye mahindi uani na wingu zito juu ya paa hasomi makala neno kwa neno. Hupitisha macho kwenye vichwa vidogo akitafuta jambo lake. Akikuta “Utangulizi”, “Umuhimu wa Hifadhi Bora” na “Changamoto”, hakuna hata kimoja kinachomwambia kama ayafunge leo au ayaanike tena kesho.

Mwandishi anayetaka kumweleza matumizi ya mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya gunia, aanze na kiunzi cha maswali. Kabla ya aya yoyote, huandika kila swali kwenye kikaratasi chake, kwa maneno ya muulizaji: Nitajuaje yamekauka? Niweke dawa? Nifunge vipi? Naweza kuchota kila wiki? Kisha huvipanga vikaratasi kwa mwendo wa kazi yenyewe, maana hakuna anayefunga gunia kabla ya kuanika.

Chini ya kila swali huandika jibu la sentensi moja. Hapo ndipo kasoro zinapojitokeza. Kichwa “Kukausha na Kufunga” hakijibiki hivyo, kwa kuwa kimebeba kazi mbili. Aliyekwisha kuanika atapekua maelezo ya jua ndipo aifikie kamba. Hicho hukatwa viwili. Kwa upande mwingine, “Niweke dawa?” na “Wadudu waliomo watakufaje?” yana jibu moja: mfuko ukifungwa barabara, wadudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa. Hayo huunganishwa.

Swali la ukavu ndilo linalomtoa mwandishi jasho. Jibu lake la kwanza huwa hili: tikisa mahindi pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, chumvi ikinata kwenye kioo, bado yana maji. Ni kweli, ila haitoshi. Kipimo hicho hutambua unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, ilhali mahindi ya kuhifadhi kwenye mifuko hiyo yanatakiwa yashuke hadi karibu asilimia 13. Kwa hiyo jibu hurekebishwa: chumvi isiponata, endelea kuanika, na ukipata kipima unyevu, hakikisha nacho. Bila sentensi hiyo, msomaji angefuata maelekezo yote na bado akafungua mfuko wenye ukungu.

Vipo pia vichwa visivyo na muulizaji. Historia ya dumuzi, aliyegundulika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na wakulima wakambandika jina la Skania, inavutia kweli. Lakini mwenye mahindi uani hakuiuliza, kwa hiyo mahali pake ni kwenye maelezo ya picha.