Mnara wa Simu Unampa Nani Zamu

Simu mbili zinapakua video kutoka mnara mmoja. Ya kwanza iko jirani na mnara, hakuna ukuta wala jengo katikati. Ya pili iko chumba cha ndani, kwenye nyumba ya tofali, pembezoni kabisa mwa eneo linalohudumiwa na mnara huo. Simu ya karibu ikiachiwa mnara peke yake hupata megabiti 40 kwa sekunde. Ya pembezoni, hata ikiachiwa mnara wote, haipiti megabiti 4. Wenye simu hizo wamenunua bando la bei ileile. Mnara ugawe vipi?

Katika mitandao ya 4G swali hilo hujibiwa upya kila milisekunde moja. Muda hukatwa vipande vya milisekunde, na masafa nayo hukatwa vipande vya kilohezi 180. Mnara wenye masafa ya megahezi 10 huwa na vipande 50 vya kugawa kila safari. Anayegawa ni programu iliyomo ndani ya mitambo ya mnara, ambayo hapa nitaiita mpangaji wa zamu. Simu humsaidia kwa kumtumia mara kwa mara namba kati ya 0 na 15, inayoeleza mawimbi yanavyoifikia. Namba ikiwa kubwa, mnara hushindilia biti nyingi katika kipande kimoja. Ikiwa ndogo, hutuma biti chache ili zisipotee njiani.

Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme kila milisekunde simu moja inapewa vipande vyote. Mpangaji anaweza kuamua kumpa zamu yule tu anayepokea vizuri kuliko wote. Mnara utatoa megabiti 40, mwenye mnara atafurahia takwimu zake, na simu ya pembezoni haitapata chochote. Anaweza pia kuamua kwamba simu zote mbili zipate kasi sawa, na hii ndiyo haki inayotujia wengi kichwani kwanza. Lakini simu ya pembezoni ni nzito mara 10, kwa hiyo katika kila milisekunde 11 lazima ipewe 10, na ya karibu ipewe 1. Kila moja inapata megabiti 3.6, na mnara mzima umeshuka hadi 7.3. Simu ya pembezoni imeongezewa kidogo tu, na karibu muda wote wa mnara umetumika kwa ajili ya nyongeza hiyo.

Mwaka 1997 Frank Kelly, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza kipimo kingine cha haki katika mitandao: haki ya uwiano. Usihesabu megabiti alizopata au kupoteza kila mtu, hesabu asilimia. Mgawo ni wa haki ikiwa hakuna mgawo mwingine ambao, ukijumlisha asilimia za waliofaidi na kutoa za waliopoteza, unabakiza faida. Chukua mgawo wetu wa 3.6 kwa 3.6. Tukigawa muda nusu kwa nusu, simu ya karibu inapata 20 na ya pembezoni 2. Ya karibu imepanda kwa asilimia 450, ya pembezoni imeshuka kwa asilimia 45. Kwa kipimo cha Kelly, basi, ule usawa wa kasi haukuwa haki. Na ukianzia kwenye 20 kwa 2, hutapata mgawo wowote ambao faida yake inazidi hasara. Kinachogawanywa sawa hapo ni muda wa mnara, kisha kila simu huvuna kwa kadiri ya mawimbi yake.

Kama mambo yangeishia hapo, kupokezana zamu moja moja kungetosha. Utamu wa jambo hili uko katika tabia ya mawimbi, ambayo hayatulii. Yanagonga kuta, mabati na magari, yanarudi na kukutana, mahali pengine yakisaidiana na pengine yakiuana. Kwa masafa ya megahezi 1800, kusogeza simu sentimita 8 kunaweza kuitoa kwenye mapokezi mazuri na kuitumbukiza kwenye mabaya. Karibu mwaka 2000 wahandisi wa Qualcomm nchini Marekani, walipokuwa wakiunda mtandao wa data uliokuja kuitwa 1xEV-DO, walipata kanuni fupi ya kuyatumia mawimbi haya yanayopanda na kushuka. Mpe zamu mwenye namba kubwa kuliko wote katika hesabu hii:

```
R / T
```

R ni kasi ambayo simu inaweza kupata sasa hivi. T ni wastani wa kasi ambayo imekuwa ikipata katika muda mfupi uliopita, kwa kawaida kama sekunde moja au mbili.

Turudi kwenye simu zetu, safari hii tukiacha mawimbi yacheze. Ya karibu mara inaweza 60, mara 20. Ya pembezoni mara 6, mara 2. Nusu kwa nusu, kila moja kivyake. Baada ya muda wastani wa ya karibu unatulia kwenye 25 na wa ya pembezoni kwenye 2.5. Sasa tazama milisekunde moja. Ya karibu imeshuka, inaweza 20, na 20 kwa 25 ni 0.8. Ya pembezoni imepanda, inaweza 6, na 6 kwa 2.5 ni 2.4. Zamu inakwenda pembezoni, ingawa 20 ni kubwa kuliko 6. Mpangaji hakuzishindanisha simu kwa kasi zao. Aliuliza ni ipi iko kwenye neema yake yenyewe. Nusu ya muda bado ni ya kila mmoja, lakini badala ya 20 kwa 2 wamepata 25 kwa 2.5. Wote wameongezeka kwa robo, na hakuna masafa mapya yaliyonunuliwa.

Nyongeza hiyo ina masharti. Simu iliyowekwa mezani, mawimbi yakiwa yametulia, hurudi kwenye mgawo wa kawaida wa muda sawa. Simu iliyo ndani ya basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zile sentimita 8 kwa takriban milisekunde 4, na taarifa yake inapomfikia mpangaji, neema imeshapita. Anayefaidi zaidi ni mtu anayetembea.

Kuna pia mtego katika T. Simu ya karibu ikinyamaza sekunde 3 kwa sababu mwenyewe anasoma ukurasa, wastani wa sekunde moja hushuka hadi kama asilimia 5 ya ulivyokuwa. Akifungua ukurasa mwingine, R/T yake inaruka mara 20, naye anashika mnara kwa zaidi ya nusu sekunde huku simu ya pembezoni ikisubiri. Ukiwa kwenye simu ya video upande ule, uso wa unayezungumza naye unaganda, unarudi, unaganda tena, ilhali mawimbi yako hayajabadilika. Dawa inajulikana: simu isiyo na data inayosubiri, wastani wake usiguswe.

Kama mnara wako umewekewa dawa hiyo, huwezi kuona kwa nje. Shirika la 3GPP, linaloandika viwango vya mitandao hii, limeweka utaratibu wa simu kutoa taarifa na kupokea zamu, ila namna ya kuchagua mwenye zamu limewaachia watengenezaji wa mitambo. Wengi huongeza vipeo juu ya R na T. Kipeo cha R kikikuzwa, jumla ya mnara hupanda na pembezoni hudhoofika. Cha T kikikuzwa, mambo hugeuka. Ndiyo maana mimi siuamini wastani wa kasi ya mnara ukitajwa peke yake. Namba ya kudai ni kasi wanayoipata wale asilimia 5 wa chini kabisa, kwa sababu jumla inaweza kupanda mwezi mzima huku hiyo ikishuka.